Pengo Kati ya Namba Tano na Namba Sita

Mwenyekiti wa kikao, wakufunzi wenzangu, na ninyi wawili mlioketi karibu na mlango ili mtoke mapema, nawaona, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie mrejesho wa maandishi tunaowapa wanachuo wanapotuletea rasimu ya wasilisho. Nimekuja na karatasi moja tu. Ni rasimu ya dondoo ya mwanachuo wangu, stashahada ya kilimo, mwaka wa pili. Ameniruhusu niitumie, jina lake nitalihifadhi. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzungumza kwa dakika 10 mbele ya kikundi cha wakulima wa mahindi, kijijini, chini ya mwembe, bila projekta. Nimeinakili kwenye manila hii ili wote muione.

Kichwa: Sumukuvu katika mahindi. Moja, maana ya sumukuvu. Mbili, historia ya sumukuvu. Tatu, aina za sumukuvu: B1, B2, G1 na G2. Nne, madhara. Tano, visababishi: unyevu, joto, ukame shambani, wadudu. Sita, njia za kuzuia: mifuko ya PICS, usafi wa ghala, elimu kwa wakulima. Saba, hitimisho: kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, na shukrani.

Iangalieni kidogo. Nani ataona kosa hapo? Namba zimefuatana, kuna utangulizi, kuna kiini, kuna hitimisho. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Mimi mwenyewe nilipoipokea mara ya kwanza niliona kazi safi inayohitaji kupigwa msasa, basi nikachukua kalamu nyekundu.

Nilimwandikia maoni 19. Nimeyahesabu baadaye, kwa aibu. Kulikuwa na herufi kubwa hapa, nukta pale, "fafanua" mara nne, "ongeza mfano" mara tatu, alama za kuuliza zisizo na swali, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, nikaandika: "Mpangilio hauko sawa."

Baada ya siku mbili alirudi. Maoni 18 alikuwa ameyashughulikia yote, moja baada ya jingine, na pembeni ya kila moja ameweka tiki yake mwenyewe. Kuhusu lile la 19, alikuwa amechukua historia kutoka namba mbili akaipeleka namba moja. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, uliandika mpangilio hauko sawa, nikaona labda historia itangulie."

Hakukosea. Nilimwambia kuna kitu hakijakaa, sikumwambia kipo wapi wala kinamsumbua nani. Akafanya ambacho yeyote angefanya: akasogeza kitu kimoja kilichokuwa rahisi kusogezwa. Na mimi ningefikiria kidogo tu, ningejua kwamba sikuwa nimemwambia kwa sababu nami sikuwa nimeliona pengo lenyewe. Nilikuwa nimelihisi tu.

Hapo ndipo nilipoiweka kando kalamu nyekundu nikachukua karatasi mpya na penseli.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuacha kuisoma kama mwalimu. Nikajiketisha chini ya ule mwembe. Mimi ni mkulima, nina magunia manane nyumbani, nimeacha kibarua nije kusikiliza. Binti anaanza na maana ya sumukuvu. Sawa. Kisha historia. Kisha B1, B2, G1, G2. Nikajiuliza: kufikia hapa, huyu mkulima amekwisha kujua kwa nini ameitwa? Hajajua. Atajua namba nne, kwenye madhara, na kabla ya kufika huko atakuwa ameanza kuangalia jua limefika wapi.

Basi nikamwomba mwanachuo kitu kimoja kabla sijaandika maoni yoyote: aweke dakika pembeni ya kila namba. Alifanya hivyo kwa uaminifu. Maana, dakika moja na nusu. Historia, 2. Aina, 2. Madhara, moja na nusu. Visababishi, moja na nusu. Kuzuia, dakika 1. Hitimisho, nusu. Jumla 10 kamili. Mnaona? Dakika tano na nusu zimekwisha kabla hatujafika kwenye madhara, na kile ambacho mkulima atakwenda nacho nyumbani kimepewa dakika moja. Hiyo hesabu hakuifanya mwalimu, ameifanya yeye mwenyewe kwa mkono wake. Maoni yangu ya kwanza yakawa mafupi. Nayasoma kama nilivyoyaandika:

"Dakika ulizoweka zinaonyesha umeandaa hii kwa ajili ya mtihani wangu. Mkulima akiondoka pale, unataka afanye jambo gani ambalo jana hakulifanya? Andika sentensi moja, iwe na kitenzi, uibandike mahali pa kichwa cha habari."

Alihangaika na sentensi hiyo siku nzima. Aliyoniletea ilikuwa: "Kausha mahindi yako kabla hujayafungia, kwa sababu sumu ikishaingia haitoki." Jamani, hiyo ni sentensi. Kichwa cha "Sumukuvu katika mahindi" kinaweza kubeba chochote, ndiyo maana kilibeba kila kitu. Sentensi hii inakataa mizigo. Ukiwa nayo mkononi unaweza kuiuliza kila namba: unanisaidia kulisema hili au unapita tu?

Sasa nije kwenye pengo ambalo ndilo limenileta hapa.

Chukueni namba tano na namba sita, mziandike pande mbili za karatasi. Kushoto visababishi: unyevu, joto, ukame shambani, wadudu. Kulia njia za kuzuia: mifuko ya PICS, usafi wa ghala, elimu kwa wakulima. Kisha chukueni penseli mchore mstari kutoka kila kisababishi kwenda kwenye dawa yake.

Wadudu: mstari unakwenda kwenye mifuko ya PICS. Hapa mwanachuo yuko sahihi. Mfuko ule una matabaka mawili ya nailoni ndani na kiroba nje. Ukiufunga vizuri, wadudu hutumia hewa ya oksijeni iliyobaki mle ndani mpaka iwapungukie, wanaacha kula, wanakufa. Mstari mwingine kutoka wadudu unakwenda kwenye usafi wa ghala. Vizuri.

Ukame shambani: mstari unakwenda wapi? Hauna pa kwenda. Unyevu: je? Ukikimbilia kuuchora kuelekea kwenye mfuko, simama kwanza. Mfuko haukaushi. Mahindi yakiingia mabichi yatakaa mabichi, na safari hii umeyanyima hata upepo. Kwa hiyo unyevu, ambao ndio ulioandikwa wa kwanza kabisa kushoto, kulia hauna jibu. Na upande wa kulia kuna "elimu kwa wakulima" ambayo haina mstari unaoifikia. Imekaa pale kama mgeni asiyejulikana kaalikwa na nani.

Hivi ndivyo mapengo ya mpangilio yalivyo. Huwezi kuyaona ukisoma namba tano peke yake, maana namba tano ni sahihi. Ukisoma namba sita peke yake, nayo ni sahihi. Pengo liko katikati, mahali ambapo hakuna maandishi ya kupiga mstari mwekundu. Kalamu nyekundu inahitaji kitu cha kusahihisha. Kwa hiyo ilipita pale mara 19 bila kuona.

Maoni ya pili niliyomwandikia ni haya:

"Nimechora mistari kutoka namba 5 kwenda namba 6, tazama nyuma ya karatasi. Unyevu na ukame havina pa kwenda. 'Elimu kwa wakulima' haina inakotoka. Mkulima amevuna jana, mahindi ni mabichi, ana mfuko wa PICS mkononi. Kwa rasimu hii atafanya nini kesho asubuhi?"

Tazameni kwamba sikumwandikia "ongeza kukausha". Ilinibidi nijizuie, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na kidole kilikuwa kinawasha. Ningemwandikia, angeongeza neno "kukausha" kwenye orodha ya namba sita, baada ya "usafi wa ghala", tungekuwa na orodha ndefu zaidi yenye pengo lilelile.

Alichofanya ni kuvunja namba tano na namba sita zote mbili. Akaniletea mpango unaofuata safari ya hindi lenyewe: shambani, kuvuna, kukausha, kuhifadhi. Kila kituo kina hatari yake na papo hapo dawa yake. Shambani, kuvu huingia wakati mmea umedhoofishwa na ukame na hindi limetobolewa na wadudu. Hapo akaweka kupanda mapema, na Aflasafe, ambayo ni kuvu wa jamii ileile wasiotengeneza sumu, wanaomwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili wale wabaya wakute nafasi imeshachukuliwa. Kuvuna, asiyaache mahindi yaliyokomaa yakinyeshewa shambani, wala asiyarundike chini. Kukausha, juu ya turubai, yasigusane na udongo ambamo kuvu wamejaa. Kuhifadhi, sasa ndipo mfuko unapoingia, ukiwa wa mwisho.

Mfuko ukapata mahali pake bila mimi kuugusa. Kwenye rasimu ya kwanza ulikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu, aliniambia, ndio kitu kipya na cha kitaalamu.

Maoni ya tatu yaliangukia kwenye kituo cha kukausha. Alikuwa ameandika: "Mahindi yakaushwe mpaka unyevu wa asilimia 13.5." Nikaandika pembeni: "Atajuaje?" Neno moja na alama ya kuuliza, lakini safari hii alama ina swali lake.

Nilitegemea arudi na kipima unyevu, kile cha kielektroniki tulicho nacho kimoja hapa chuoni na betri yake ni ya kuazima. Akarudi na chupa ya soda na chumvi. Nanyi mnaijua, maafisa ugani wameifundisha miaka mingi. Unachukua chupa kavu, unatia mahindi mpaka kama theluthi yake, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, unafunga, unatikisa dakika moja, unaiacha itulie robo saa. Chumvi iking'ang'ania ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Isipong'ang'ania, yako chini ya hapo.

Nikamuuliza, "Hii ulikuwa unaijua tangu mwanzo?" Akasema ndiyo, tangu yuko sekondari. "Sasa mbona hukuiweka?" Akasema, "Niliona si ya kitaalamu, mwalimu. Ni ya nyumbani."

Hapo nilinyamaza kidogo. Rasimu yake ilikuwa na B1, B2, G1 na G2, dakika mbili nzima, kwa sababu hizo ni za kitaalamu. Chupa ya chumvi aliiacha nyumbani.

Baadaye tukaongeza pamoja tahadhari moja ambayo ni lazima isemwe: chupa inakutenga na asilimia 15, haikuhakikishii 13.5. Chumvi ikikaa huru, yape mahindi jua la ziada kabla ya kuyafungia. Mwanachuo alitaka kuiacha tahadhari hiyo akiogopa itaharibu onyesho lake. Nikamwandikia kwamba mkulima atakayefunga mfuko wake kwenye asilimia 14 na nusu akiamini chumvi imempa ruhusa atamlaumu yeye, si chumvi. Akaiweka.

Sasa msije mkadhani maoni yangu ya mara ya pili yote yalikuwa dhahabu. Kulikuwa na manne, na la nne lilikuwa bovu. Liliangukia kwenye hitimisho. Mnakumbuka alikuwa ameweka kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, yaani mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo ya mahindi, na B1 peke yake isizidi 5. Niliandika: "Hitimisho halijafunga mada." Akaenda akaongeza methali na kuwashukuru wasikilizaji kwa utulivu wao. Nilistahili.

Nilichopaswa kuandika ni kwamba hitimisho linaleta jambo jipya dakika ya mwisho, na jambo lenyewe linahitaji maabara. Mkulima hana jicho la kuona mikrogramu 10. Hata ukungu hausemi kitu cha uhakika, kwa kuwa mahindi yanaweza kuonekana safi na yakawa na sumu. Kwa hiyo ungemuuliza hivi: "Hiki kiwango kinamfikia mkulima kwa njia gani?" Jibu lipo, maana mnunuzi mkubwa akipima shehena na ikazidi kiwango, inakataliwa. Hapo kiwango kinahama kutoka hitimisho kinakwenda kwenye madhara, kinakaa karibu na mfuko wa pesa. Mimi sikuuliza, nikaishia kusomewa methali.

Mwenzetu mmoja wakati wa chai aliniambia, "Wewe una muda. Mimi nina wanachuo 120." Nimepima. Yale maoni 19 ya kwanza yalinichukua dakika 40 hivi, pamoja na kutafuta kalamu. Haya manne yalinichukua 25, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimekaa tu chini ya mwembe wa kufikirika nikiwa mkulima. Kama una wanachuo 120 huwezi kumfanyia kila mmoja hivi kila wiki, hilo nakubali. Ila kuweka dakika pembeni na kuchora mistari ya penseli wanaweza kufanyiana wenyewe, wawili wawili, kabla karatasi haijafika mezani kwako. Nimejaribu muhula huu. Mistari wanaichora vizuri sana. Swali la "atafanya nini kesho asubuhi" bado linawashinda, wanapeana majibu badala ya maswali.

Nimalizie na siku yenyewe, kwa sababu kuna deni hapo.

Nimesahau kuwaambia nilichofanya na historia. Kwenye yale maoni ya kwanza kabisa, ya penseli, nilikata namba mbili na namba tatu kwa mstari mmoja nikaandika "ondoa". Niliona ni sahihi. Historia aliyokuwa nayo ilikuwa ya Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, baadaye ikagundulika walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya kuvu. Nikajisemea, mkulima wa mahindi wa huku ana habari gani na bata mzinga wa Uingereza? Mfano wa karibu upo: Kenya, mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, wengi kwa kula mahindi yao wenyewe, 125 wakafa. Tukaweka huo, ukawa ndio mwanzo wa wasilisho. Dakika moja. Mwembe mzima ulikaa kimya.

Alizungumza dakika 11. Chupa ya chumvi ilizunguka mkono kwa mkono, ikachelewa kurudi. Kisha ukaja wakati wa maswali, na mama mmoja aliyekaa nyuma akainuka. Akasema, "Mwanangu, nimekusikia, nitakausha. Lakini nina magunia mawili ya mwaka jana, yameshaota ukungu, hatuyali. Haya si nawapa tu kuku?"

Nikaitazama ile dondoo niliyokuwa nimeishika. Tumefuata hindi kutoka shambani mpaka kwenye mfuko, na wala mimi wala yeye hatukuwa tumefikiria hindi lililokwisha kuharibika linakwenda wapi. Kituo kizima kilikuwa hakipo. Kila nyumba pale ilikuwa na jibu lake la kimyakimya: kuku, nguruwe, au pombe.

Mwanachuo hakunitazama. Alisema, "Usiwape, mama. Huko Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa chakula cha namna hiyo, na ndivyo watu walivyoijua hii sumu mara ya kwanza. Ng'ombe akila, nyingine inapita kwenye maziwa. Kupika nako hakuiondoi. Yafukie, mama, mbali na kisima."

Jioni niliitoa karatasi yangu, nikafuta kwa ufutio lile neno "ondoa" pembeni ya namba mbili. Mahali pake nikaandika: "Hii itamjibu nani, na akiuliza nini?"

Ahsanteni. Manila nitaiacha hapa ukutani, na penseli ziko kwenye kopo.